"Alitembea mwenyewe, akaongea, akakubali. Sasa anasema hakumbuki"

*Shikamoo Anti. Niko mwaka wa pili chuo kikuu. Jumamosi tulikuwa na pati ya kumaliza mitihani. Alikuwepo msichana ambaye tuko naye kundi moja la semina, na kwa muda tumekuwa tukichati vizuri tu. Wakaanza mchezo wa karata ambao anayeshindwa anapiga toti ya pombe kali, na yeye alishindwa sana. Nadhani alipiga kama sita ndani ya saa moja, na aliniambia hajala tangu mchana. Mimi nilikunywa bia mbili.*

*Tulicheza muziki, akanibusu yeye kwanza. Nikamuuliza tuondoke? Akasema ndiyo, twende. Tulitembea kwa miguu mpaka hosteli, anacheka, amenishika mkono. Njiani aliniuliza mara mbili tatu simu yake iko wapi, na alikuwa ameishika. Kwenye ngazi ilibidi nimshikilie. Chumbani tukafanya mapenzi, hakukataa. Katikati alinyamaza, nikadhani amechoka.*

*Asubuhi aliniuliza amefikaje pale. Nilipomwambia, akaanza kulia na kuondoka. Jana usiku ameniandikia: "Niambie ukweli, nini kilitokea?" Sijamjibu. Rafiki zangu wanasema nifute chati zote, eti anaona aibu tu ndiyo maana anasingizia kusahau. Na mimi pia nilikuwa nimekunywa. Je, nimemkosea? Nimjibu nini?*

Marahaba mwanangu. Siku barua yako ilipofika nilikutumia mistari michache ya haraka, kwa sababu kuna mambo ya afya ya huyo binti ambayo hayawezi kungoja zamu ya safu. Nashukuru umeniruhusu kuyajibu mengine hapa, maana barua za namna hii hunijia kila mitihani inapoisha, na wengi wanaoziandika wamekwama palepale ulipokwama wewe.

Ndiyo, umemkosea, na kosa lenyewe si dogo. Nalisema mapema ili usisome yanayofuata ukitafuta pa kutokea. Kwa maelezo yako mwenyewe, ulilala na mtu ambaye hakuwa katika hali ya kukubali, na sheria za nchi nyingi zinaweza kuliita jambo hilo ubakaji. Mimi si hakimu, na kesi haiamuliwi kwa barua ya upande mmoja. Lakini umeniuliza mimi, na hilo ndilo jibu langu.

Sasa tuanze na huku kutokumbuka, kwa kuwa ndipo rafiki zako wanapokupoteza. Wao wanaamini kwamba mtu aliyelewa kiasi cha kusahau lazima awe amezimika, amelala kama gogo. Kwa hiyo aliyetembea na kuongea anakumbuka, na akisema hakumbuki anadanganya. Sivyo mwili unavyofanya kazi. Kuna kuzimika, ambako mtu hapati fahamu hata umtikise. Na kuna kupotelewa na kumbukumbu huku mtu yuko macho kabisa, anacheza muziki, anabusu, anapanda ngazi. Hili la pili ndilo linalodanganya macho ya walio karibu naye.

Ubongo hulishika jambo kwa dakika chache tu, kisha sehemu iitwayo hipokampasi hulihifadhi ili likumbukwe kesho. Pombe ikipanda kwa kasi kwenye damu, kazi hiyo ya kuhifadhi husimama kabla ya kazi nyingine. Jina lake analijua, njia ya hosteli anaijua, namba ya siri ya simu anaibonyeza bila kukosea, kwa sababu hayo yote yalihifadhiwa zamani. Mazungumzo anayaweza pia, maana sentensi yako ya sasa hivi bado anayo kichwani. Ila hakuna kinachobaki. Ni kama mtu anayeandika kwa kalamu iliyokwisha wino: mkono unatembea kwenye karatasi, na asubuhi karatasi ni nyeupe.

Mwaka 1970 Donald Goodwin, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu waliokuwa wamenyweshwa pombe nyingi. Waliwaonyesha vitu na matukio, kisha wakawapima kumbukumbu. Waliopotelewa na kumbukumbu waliweza kueleza walichokiona dakika mbili zilizopita. Baada ya dakika thelathini kilikuwa kimefutika, na kesho yake vilevile hakikuwepo. Yaani ukikaa na mtu wa namna hiyo, swali lako la sasa atalijibu sawasawa, wala hutashtuka. Ni mpaka umuulize habari za nusu saa iliyopita ndipo utaona pengo.

Rudi kwenye lile swali la simu. Kuuliza mara moja kitu kiko wapi ni jambo la kawaida kwa yeyote. Kuuliza tena na tena, baada ya kujibiwa, na kitu chenyewe kiko mkononi, ni dalili ya wazi kuliko kuyumba au kuongea kwa kujikokota. Ilikuonyesha kwamba jibu ulilompa dakika chache zilizopita halipo tena kichwani mwake. Ukiwa unatembea na mtu aliye katika hali hiyo, hata neno "twende" alilolisema kwenye pati huenda halipo kichwani mwake. Wewe unaamini mko katika safari mliyokubaliana, kumbe kwake yeye yuko barabarani na mtu fulani, sababu haijui.

Kiasi alichokunywa nacho kinaeleza mengi. Toti moja ya mililita 30 ya pombe kali yenye nguvu ya asilimia 40 ina takribani gramu tisa na nusu za kilevi halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani kama toti mbili. Toti sita ni karibu gramu 57. Mwanamke wa kilo 55 hivi akizipiga ndani ya saa moja na tumbo tupu, damu yake inaweza kufika kwenye gramu 1.6 kwa lita. Nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari akivuka gramu 0.5. Kwenye hiyo 1.6, hasa ikifikiwa kwa kasi, kupotelewa na kumbukumbu si jambo la ajabu tena. Wewe kwa bia zako mbili, mwili wako ukiwa mkubwa kuliko wake, huenda hukufika hata nusu ya hapo. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, na kilevi huenea kwenye maji ya mwili. Kwa hiyo hata mngelikunywa sawa kwa sawa, msingelilewa sawa.

Hesabu hizi ni za makadirio, miili haifanani. Nimezileta ili uone jambo moja ambalo wanafunzi wengi hawalijui, nalo ni la saa. Pombe haifiki kichwani wakati glasi inapowekwa chini. Baada ya toti ya mwisho huendelea kuingia kwenye damu, na kilele huweza kuja nusu saa mpaka saa moja na nusu baadaye. Mtu aliyeacha kunywa saa nne anaweza kuwa amelewa zaidi saa nne na nusu au saa tano kuliko alivyokuwa na glasi mkononi. Kisha ini huanza kuondoa kilevi taratibu, kama gramu saba mpaka kumi kwa saa, na hakuna kinachoiharakisha: si kahawa, si maji ya baridi, si hewa ya nje, si kutapika. Gramu zake 57 zilihitaji saa sita mpaka nane. Sasa pima mwenyewe. Alisema "ndiyo" kwenye pati akiwa amelewa kiasi fulani. Mkafika chumbani akiwa amelewa zaidi. Ukaichukua ile ndiyo ya mwanzo ukaitumia kwa mtu ambaye hali yake ilikuwa imeshabadilika, na kwa jambo ambalo wala hukuwa umelitaja. Ulimuuliza kuondoka, naye akakubali kuondoka.

Hapa najua kuna msomaji anayelalamika: basi mtu akinywa bia moja tu haruhusiwi tena kukubali chochote? Hapana, na sitaki mtu aondoke hapa na wazo hilo, kwa sababu wanafunzi wakiambiwa jambo wanaloona si la kweli huacha kusikiliza na yaliyo ya kweli. Watu wazima hunywa, huchangamka, na hulala pamoja kwa hiari yao, na wote wawili asubuhi wako radhi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililitolea uamuzi jambo hili mwaka 2007, kwenye kesi ya watu wawili waliokuwa wamekunywa pamoja. Majaji walisema mtu aliyekunywa, hata kwa wingi, anaweza bado kuwa na uwezo wa kuchagua, na akikubali basi amekubali. Lakini wakasema pia kwamba uwezo huo unaweza kutoweka muda mrefu kabla mtu hajapoteza fahamu. Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. Rafiki zako wameshika la kwanza wakaliacha la pili.

Na nikiri jambo lingine kwa haki: kutokumbuka peke yake hakuthibitishi kwamba usiku ule hakuwa na uwezo wa kuamua. Hayo ni mambo mawili. Inawezekana mtu akafanya uamuzi anaoujua, kisha kumbukumbu yake isihifadhiwe. Ndiyo maana mimi swali langu kwako haliko kwenye asubuhi. Silipimi kosa lako kwa machozi yake wala kwa sahau yake. Nalipima kwa kile ulichokiona kwa macho yako usiku, kabla ya chochote kutokea.

Uliona mtu ambaye tumbo lake tupu na toti zake ulizijua. Uliona anapotelewa na jibu lako. Uliona hawezi kupanda ngazi bila kushikiliwa. Ukiambiwa umpe mtu huyo mkataba wa kupanga chumba asaini, ungempa? Ungemwachia aendeshe gari akiwa amempakia mdogo wako? Sidhani. Ulijua kwamba hafai kuamua mambo mengine, ila hili moja ukaona analiweza.

Kisha akanyamaza. Hapo ndipo moyo wangu ulipouma zaidi niliposoma barua yako. Hata tukichukulia kwamba kila kitu mpaka hapo kilikuwa sawa, mtu anayenyamaza na kulegea katikati ya tendo anakuambia usimame. Inawezekana alikuwa anapoteza fahamu. Inawezekana mwili uliganda kwa hofu, jambo linalowapata watu wengi ambao baadaye hulaumiwa eti mbona hukupiga kelele. Yote mawili yana jibu moja: unaacha, unamwita kwa jina, unaangalia kama anakusikia na anapumua vizuri. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 2011 kwamba ridhaa ni lazima iwe ya mtu mwenye fahamu kwa muda wote wa tendo, na kwamba mtu hawezi kuridhia mapema yatakayofanywa akiwa hana fahamu. Kuchoka kwake, ulikokudhani, kulikuwa jambo la kuuliza. Na hukuuliza.

Hili la "hakukataa" niliweke sawa kwa ufupi. Aliyelewa kiasi hicho anaweza asiwe na nguvu wala mawazo ya kukataa, kwa hiyo kutokukataa kwake hakukupi habari yoyote. Unachokitafuta ni mtu anayetaka na anayejua anataka nini, na anayeweza kubadili mawazo akaeleweka.

Na bia zako mbili zisikupe faraja. Kunywa kwako hakukuondolei wajibu, na mahakama kwa kawaida hazikubali ulevi wa mshitakiwa kuwa ndio sababu ya kuamini kwamba mwenzake ameridhia. Zaidi ya hayo, wewe unaikumbuka njia, ngazi, simu, na ukimya wake. Umeniandikia yote kwa mpangilio. Mlikuwa watu wawili, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na kichwa cha kuusimamia usiku ule.

Ungefanya nini? Jambo dogo tu. Pale kwenye swali la pili la simu ungesimama ukampima: "Hebu niambie, tumetoka wapi na tunakwenda wapi?" Mtu mzima wa akili yake atakucheka na kukujibu. Aliyepotelewa atababaika, au atajibu kitu kingine kwa uchangamfu. Akijibu sawa nayo si kibali, maana anaweza kuwa bado yuko njiani kuelekea kilele. Ni njia tu ya kujua mambo yamefika pabaya. Ukishakuwa na shaka kiasi cha kutaka kumpima, jioni ya mapenzi imekwisha. Unamtafuta mwenzake wa chumba, mnampeleka kwake, mnamlaza kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, na mmoja anabaki macho. Akiwa haamki hata akiitwa na kutikiswa, au pumzi zinapishana kwa zaidi ya sekunde kumi, au ngozi imekuwa ya baridi na midomo imebadilika rangi, hapo ni hospitali mara moja, bila kujadili nani atagombezwa. Na asubuhi unamtumia ujumbe kwamba jana ulipenda kuwa naye, na kwamba ungependa muonane mkiwa hamjanywa. Kama anakutaka, atakutaka hata Jumatano mchana.

Sasa meseji yake. Amekuuliza ukweli na wewe peke yako ndiye mwenye nao. Kumnyima jibu ni kumwacha azunguke na maswali ambayo kila moja lina hatari yake kiafya. Kwa sababu hiyo nilikusihi umjibu siku ileile juu ya mambo ya mwili kabla ya mengine yote: je, mliingiliana, kondomu ilitumika au haikutumika, ilipasuka au la. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, zile zinazoitwa PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyosaidia zaidi. Hunywewa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi mapema, navyo kutegemea aina vina nafasi ya siku tatu mpaka tano. Kila siku unayoikaa ukishauriana na rafiki zako inamla yeye.

Kama ungeniomba nikuandikie, ningeandika hivi: "Ulikuwa umelewa sana. Tulifanya mapenzi chumbani kwangu na hatukutumia kondomu. Hukuwa katika hali ya kukubali na mimi nilipaswa kuacha. Nimekosa. Tafadhali nenda hospitali leo, kuna dawa zenye muda. Sitakutafuta tena isipokuwa wewe ukitaka." Sehemu ya kondomu ibadilishe kulingana na ukweli. Usiongeze "lakini wewe ndiye uliyeanza kunibusu". Usimwombe akusamehe, maana msamaha unaoombwa siku ya pili ni mzigo mwingine unaomtwika. Usimwombe mkutane muongee. Usitume rafiki, usitume dada yako, usitume pesa.

Najua wakili yeyote atakuambia usiandike kitu kama hicho, na ni haki yako kumuona wakili kabla hujatoa maelezo marefu kwa chuo au polisi. Sikuzuii. Ninachokuambia ni kwamba habari ya kondomu haiwezi kungoja miadi ya wakili, na mtu anaweza kuiandika hiyo peke yake kwa mstari mmoja. Mengine ya ujumbe ule ni juu yako na dhamiri yako. Mimi ningeyaandika.

Kufuta chati, usithubutu. Kwanza zipo kwenye simu yake pia. Pili, aliyefuta huonekana, na ni haki aonekane, kama mtu aliyejua kuna la kuficha. Wala usikubali wazo la kuwahi kwa viongozi wa wanafunzi ili kumchafua kabla hajasema. Ukifanya hivyo utakuwa umemuumiza mara ya pili ukiwa huna hata tone la pombe mwilini.

Niruhusu niwageukie kidogo wasomaji walio upande wake, wasichana kwa wavulana, kwa kuwa wavulana nao huamka hivi na hawana wa kumwambia. Ukiamka hukumbuki na una wasiwasi kuna jambo limefanyika, huhitaji kuwa na uhakika ndipo uende hospitali. Sema tu: "Sikumbuki usiku wa jana na nahofia nimeingiliwa." Ukiweza, nenda kabla ya kuoga, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki huzitia unyevu na kuharibu ushahidi. Kama umeshaoga nenda hivyohivyo. Ukihisi uliwekewa kitu kwenye kinywaji, omba mkojo wako upimwe haraka, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupotea mwilini ndani ya saa chache.

Na usijitese kulazimisha kumbukumbu. Kama kipande chote cha usiku ni giza tupu, hakuna kilichofichika mahali. Hakikuhifadhiwa, na hakitarudi. Vipande vidogo vinaweza kurudi ukikumbushwa, ila jihadhari na watu wanaokusimulia kwa kujiamini ulivyokuwa. Ubongo wenye pengo huchukua masimulizi ya wengine na kuyafanya yake. Andika unachokikumbuka wewe mwenyewe, kwa saa na mahali, kabla hujamsikiliza mtu. Kunywa kwako toti sita kulikuwa kunywa toti sita. Hukumpa mtu ruhusa ya kitu kingine.

Kuna watu wengine kwenye barua hii ambao hukuwataja hata mmoja: waliokuwa wakimjazia glasi, na waliowaona mkitoka. Nyumba nzima ya vijana ilimwona mwenzao akipiga toti baada ya toti na ikamwacha aondoke na mtu mmoja. Sitaki kuamini kwamba wote hawakujali. Nadhani wengi waliogopa kuonekana wanaingilia. Ingelitosha rafiki yake mmoja kumshika mkono na kumwambia, "Twende msalani kwanza," kisha huko akamtazama usoni na kumuuliza anakwenda wapi na nani. Ni dakika mbili. Hakuna ugomvi, hakuna anayeaibishwa.

Turudi kwako, kwa wiki zinazokuja. Anaweza kuamua kuripoti, anaweza asiripoti, anaweza kukaa mwaka mzima ndipo aamue. Ni lake. Akiripoti, nenda unapoitwa, sema kweli, na usiwaombe rafiki zako wakutolee ushahidi wa mambo ambayo hawakuyaona. Tafuta mshauri nasaha wa chuo na umwambie ulichoniambia mimi, pamoja na lile la katikati, ambalo naona ulikaribia kuliacha nje ya barua. Kabla hujaanza kuongea, muulize ni mambo gani analazimika kuyaripoti, ili ujue unaongea na nani.

Na kwa kuwa mko kundi moja la semina, kesho asubuhi kabla ya kipindi nenda ofisi ya idara ukaombe kuhamishiwa kundi lingine. Sema una sababu binafsi, usimtaje. Wakikuambia makundi yamejaa, omba uhudhurie saa nyingine. Atakayebadilisha ratiba uwe wewe, yeye abaki kwenye kiti chake.